Mstari Mwekundu Chini ya Jina

Mwaka 1986 niliajiriwa ukarani wa masjala katika hospitali moja ya Mombasa. Kazi niliyokabidhiwa siku ya kwanza niliiona ya mtoto wa darasa la tatu: chukua kadi, soma jina, itie kwenye droo kwa kufuata alfabeti. Kadi zilikuwa ngumu, za inchi 3 kwa 5, na droo zilikuwa za mbao, ndefu kama mkono wangu, kila moja na herufi yake mbele. Nilijisemea kwamba kwa kazi hii sitatoka jasho. Wiki haikwisha kabla sijagundua kwamba alfabeti niliijua vizuri, ila majina sikuyajua.

Kwanza nieleze kadi zile zilikuwa za nini. Faili zenyewe za wagonjwa hazikupangwa kwa majina. Zilikaa kwenye rafu kwa namba, na mgonjwa alipewa kikadi chenye namba yake aende nacho nyumbani. Akija nacho, karani alikwenda moja kwa moja kwenye rafu. Lakini watu hupoteza vikadi, huvisahau, huvifulia mfukoni mwa kanzu. Hapo ndipo zilipohitajika droo za mbao: unatafuta jina, kwenye kadi unasoma namba, kwa namba unaipata faili. Jina lisipoonekana kwenye droo, ni kama mtu yule hajawahi kukanyaga hospitalini. Anafunguliwa faili mpya, na ya zamani inabaki rafuni na kila kilichoandikwa ndani yake.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa mama mmoja ambaye nitamwita Mwanaisha, ingawa silo jina lake. Aliletwa usiku akiwa na homa kali, bila kikadi. Karani wa zamu alimtafuta, hakumwona, akamfungulia faili mpya. Wodini daktari aliandika penisilini. Muuguzi alipokuja na sindano, yule mama alifungua macho akauliza, “Mwanangu, hii si ile iliyonivimbisha uso mwaka juzi?” Muuguzi akarudi nyuma. Hatukunusurika kwa kumbukumbu za hospitali, tulinusurika kwa kumbukumbu za mgonjwa mwenyewe.

Asubuhi mkuu wetu alituamuru tuzipekue droo zote. Tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha darasa lolote. Tulipata kadi nne za mtu mmoja. Ya kwanza iliandikwa “Bi. Mwanaisha Abdulrahman” na ilikuwa kwenye A. Ya pili iliandikwa “Mwana Aisha bint Abdul Rahman” na ilikuwa kwenye R, kwa kuwa aliyeipanga alidhani Abdul ni jina la kati na Rahman ni la ukoo. Faili yake ndiyo iliyokuwa na onyo la penisilini kwa wino mwekundu. Ya tatu iliandikwa “Bi. M. A. Sharifu” kwenye S, kwani mara ile alikuja na mumewe na karani akampa jina la mume. Ya nne, ile ya usiku, tuliikuta kwenye B. Karani wa zamu aliianza kwa “Bi.”

Tulisimama kama watoto wanaongoja viboko. Mwalimu alizipanga zile kadi nne mezani, akazitazama kwa muda, akasema, “Kila mmoja wenu amepanga sawasawa kwa kanuni yake. Ndiyo maana mama wa watu amepotea.”

Sikumwelewa mara moja. Nilidhani iko kanuni moja sahihi, imeandikwa mahali, na sisi ndio tulioivunja. Mwalimu akanyanyua kidole kwenye ile picha iliyotundikwa katika kila ofisi nchini enzi zile. “Rais wetu huyu ungemtia droo gani?” Mmoja akasema A, kwa sababu ya arap. Mwingine akasema M. Mimi nikasema D, kwa Daniel. Mwalimu akacheka. Akatueleza kwamba arap, kwa Wakalenjin, maana yake ni mwana wa. Ni kama bin yetu. Ukimpanga Daniel arap Moi kwenye A, basi Wakalenjin wote wanaotumia arap watasongamana kwenye droo moja, na neno linaloongoza halimtofautishi yeyote na mwenzake. Ni sawa na kumtafuta mtu mjini kwa kuuliza, “Yule mtoto wa fulani yuko wapi?” bila kumtaja huyo fulani.

Hilo lilikuwa somo la kwanza, na bado ndilo ninaloliona kubwa: neno linaloongoza kadi lazima liwe neno linalomtenga mtu na wengine. Bin, binti, wa, arap na ole hayamtengi mtu. Yanaandikwa kwenye kadi, kwa kuwa ni sehemu ya jina na heshima ya mwenyewe, lakini jicho linapopanga linayaruka.

Nilifurahi, nikadhani nimeshaikamata kanuni: ruka viambishi vyote, basi. Siku ya pili yake Mwalimu akanipa jina la Fitz de Souza, aliyewahi kuwa Naibu Spika wa Bunge la Kenya. Nikaruka de, nikamtia S. “Hapana,” akasema, “huyu ni D.” Nikamletea hoja ya Vasco da Gama, aliyetia nanga Mombasa mwaka 1498, ambaye vitabu vya rejea humweka kwenye G. Akasema vitabu viko sahihi, na yeye pia yuko sahihi. Vasco alikuwa Mreno, na Wareno wenyewe hupanga kwa Gama. Lakini Wagoa wa Mombasa na Nairobi waliishi katika nchi ambamo ofisi zilifuata desturi ya Kiingereza, na kwa desturi hiyo kiambishi cha namna ile huhesabiwa ni mwanzo wa jina la ukoo. Ukimwuliza Mgoa wa hapa jina lake la ukoo, hakwambii Souza. Anakwambia De Souza, tena kwa pumzi moja, na baadhi yao huliandika kabisa pamoja na alama ya ritifaa, D'Souza. Kiambishi ni kilekile, lakini hadhi yake hubadilika kwa nchi na kwa watu. Van ya Mholanzi kule kwao Uholanzi huachwa nyuma, lakini ukivuka mpaka ukaingia Ubelgiji jina kama hilo linapangwa kwenye V.

Ole ya Wamasai nayo ina visa vyake. William ole Ntimama tungempanga N. Lakini ziko familia zilizokwisha kuliunganisha neno, kama seneta wa Narok, Ledama Olekina. Ole ikishaungana na jina si kiungo tena. Ni herufi za mwanzo za jina, na mwenyewe anakwenda kwenye O. Mwalimu alituambia tusijifanye wajuzi wa lugha za watu. Hatukuwa pale kuchambua asili ya majina, tulikuwa pale kuwapata wenye majina. Neno likiandikwa pamoja, lipange pamoja.

Ugumu wenyewe, hata hivyo, haukutoka kwa Wagoa wala kwa Wamasai. Ulitoka kwetu sisi wenyewe watu wa Pwani, kwa al na kwa bin. Nitatoa mfano wa watu watatu wanaojulikana, wote wa ukoo mmoja wa Mombasa. Wa kwanza ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na kufariki mwaka 1947. Wa pili ni mwanawe, Profesa Ali Al'amin Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933. Wa tatu ni Profesa Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya “Kilio cha Haki”. Hebu wapange.

Karani asiye na kanuni atampeleka kadhi kwenye S kwa Sheikh, au kwenye A kwa Al-Amin. Profesa Ali naye ataweza kwenda A kwa Ali, ama M. Tukubaliane basi kwamba ukoo upo, unajulikana, na wenyewe wanautumia. Wote watatu wanakwenda M, Mazrui. Na kama mmoja wao angejiandika al-Mazrui, ile al ingerukwa, kwa sababu ni kitambulishi tu cha Kiarabu kilichotangulia jina la ukoo, na watu wa ukoo mmoja hawafai kutenganishwa eti mmoja kapenda kuiandika na mwingine kapenda kuiacha.

Sasa, ndani ya Mazrui, nani atangulie? Hapa ndipo kijana mmoja wa masjala alipojikwaa. Alikuwa amekariri kwamba al inarukwa, basi akairuka kila alipoiona. Al-Amin akawa Amin. Matokeo yake Ali akatangulia, kisha wakafuata Amin wawili. Lakini al iliyo ndani ya Al-Amin siyo ile iliyo mbele ya ukoo. Hapa ni sehemu ya jina alilopewa mtu siku ya akika yake, na hakuna mtu wa Mji wa Kale atakayemwita Amin tu. Ichukulie kama neno moja, Alamin, iwe imeandikwa kwa kistari, kwa ritifaa au bila chochote. Ndipo mpangilio unapokuwa hivi: Mazrui, Alamin, kisha Mazrui, Alamin bin Ali, kisha Mazrui, Ali Alamin. Alamin hutangulia Ali kwa kuwa herufi ya tatu ni a dhidi ya i. Na Alamin asiye na jina la baba hutangulia Alamin mwenye jina la baba, kwa kanuni ambayo wakutubi wote wanaijua: pasipo kitu hutangulia penye kitu.

Na wale wasio na ukoo? Hao walikuwa wengi kuliko wote. Mtu ana jina lake, la baba na la babu, basi. Fomu za serikali zilidai jina la ukoo, na makarani wakazoea kulichukua lile la mwisho. Kwa njia hiyo kila mtu alipangwa kwa babu yake. Tena ndugu wawili wa baba mmoja waliweza kutawanyika, kwani mmoja alijaza majina matatu na mwenziwe mawili: huyu kwa babu, yule kwa baba. Mwalimu akaamua: ukoo ukiwepo na mwenyewe akiukubali, ndio uongoze. Usipokuwepo, liongoze jina lake mwenyewe, kisha la baba, kisha la babu. Alisema baba wa mtu ndiye aitwaye Hamisi, yeye mwenyewe si Hamisi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Waisilandi, ambao wengi wao pia hawana majina ya ukoo, walipanga hata kitabu chao cha simu kwa jina la mtu mwenyewe. Nikaona kumbe hatukuwa peke yetu.

Uamuzi huo ulileta tabu mpya ambayo sikuitarajia: majina ya heshima. Tulikwisha kukubaliana kwamba Bi., Bwana, Mzee, Sheikh, Daktari na Padri hayapangiwi kadi. Lakini Haji je? Mshairi wetu Muyaka bin Haji hakuwa na baba aliyetajwa kwa sifa ya kwenda Makka. Haji ni jina la baba mtu, na ukilikata umemfanya yatima. Tukajipa kipimo: likitangulia majina yote ni cheo, likija baada ya bin ni jina. Kipimo kizuri, mpaka utakapokutana na mtu kama Haji Gora Haji, mshairi wa Tumbatu, ambaye Haji ya mbele ni jina lake na Haji ya nyuma ni jina pia. Sharifu nayo ni vivyo hivyo. Mmoja ni sharifu kwa nasaba, mwingine aliitwa Sharifu siku ya saba na hana nasaba hiyo wala haidai. Mwinyi ilikuwa cheo cha wakubwa wa miji ya Pwani, lakini kwa Ali Hassan Mwinyi ni jina.

Na Mwana. Mwana Kupona binti Msham, mtunzi wa ule utendi maarufu wa mwaka 1858, huandikwa kwa maneno mawili katika kitabu kimoja na kwa neno moja katika kingine. Kwenye droo, hayo ni masafa. Ukipanga neno kwa neno, Mwana peke yake hutangulia Mwanaheri, Mwanahamisi na wenzao wote, kwa kuwa nafasi tupu huhesabiwa ni kitu kabla ya herufi yoyote. Ukipanga herufi kwa herufi bila kujali nafasi, Mwana Kupona huja baada ya Mwanahamisi na Mwanaheri. Abdul ni hivyo hivyo. Kwa njia ya kwanza Abdul Rahman hutangulia Abdulaziz na Abdulla. Kwa njia ya pili huwa wa mwisho kati ya hao watatu. Njia zote mbili hutumika duniani na hakuna iliyo kosa. Kosa ni kuzitumia zote mbili katika droo moja. Sisi tulichagua kuziba nafasi: Abdul na jina linalofuata ni neno moja, Mwana na jina linalofuata ni neno moja, haidhuru mwandishi alipumzikia wapi.

Wanawake walioolewa walihitaji kanuni yao, kwa kuwa makarani ndio waliowabadilisha majina kuliko walivyojibadilisha wao. Mwanamke wa Kiislamu wa Pwani kwa kawaida hubaki na jina la baba yake hata akiolewa mara tatu. Wengine huongeza jina la mume. Marehemu Micere Githae Mugo alibeba yote mawili bila kistari, la baba na la mume, na hupangwa kwa la mwisho, Mugo. Nkosazana Dlamini-Zuma wa Afrika Kusini ana kistari. Kistari kimeyafunga majina mawili kuwa moja, hivyo hupangwa kwa D. Hapa Mwalimu alikuwa mkali: kistari hukiweki wewe karani. Kama mwenyewe hakukiandika, hakipo. Na jina la mume aliyemsindikiza mgonjwa haliandikwi mahali pa jina la mgonjwa, huandikwa kwenye mstari wa jamaa wa karibu.

Msomaji atauliza, kwa visa vyote hivi, karani dirishani atajuaje kama Haji huyu ni cheo au ni jina, na kama Abdulrahman huyu ni baba au ukoo? Jibu la Mwalimu lilikuwa jepesi hata likanitia haya kwamba sikuliwaza: muulize, yupo mbele yako. Shida yetu yote ilitokana na kuamua mambo kwenye droo, saa kumi jioni, mgonjwa akiwa ameshafika Likoni. Alitufundisha swali moja: “Ukiitwa kwenye baraza la watu, unaitikia jina gani?” Kisha tupige mstari mwekundu chini ya neno litakaloongoza kadi. Mstari ukishapigwa, anayepanga hafikirii tena. Anapanga alichopigiwa mstari. Mwenye kadi akija tena, karani mwingine, hata awe mgeni wa Pwani, anaona mwenzake aliamua nini.

Swali lile halikuwa dawa ya kila kitu. Wako waliojibu jina la utani. Wako waliokuja hawajitambui, wakasemewa na jirani. Kwa hao tulikuwa na kadi za rejea. Kadi ya rejea haina namba ya faili, ina jina na neno moja: angalia. Mwanaisha wetu alipounganishwa faili zake, kadi yake halisi ilikaa kwenye M, Mwanaisha Abdulrahman. Kwenye A tukaweka kadi iliyosema “Abdulrahman, Mwanaisha: angalia Mwanaisha Abdulrahman”. Kwenye S tukaweka nyingine kwa jina la mumewe. Kwenye R hatukuweka kitu, kwa kuwa Abdul sasa ilikuwa haitengani na Rahman. Kwenye B hatukuweka vilevile, kwa kuwa Bi. haipangiwi. Kadi ya rejea si ya kusitiri kosa la karani. Ni ya jina ambalo mtu mwenye akili zake anaweza kweli kulitafuta. Tukimwekea kila mtu kadi sita, droo zingejaa mwezi mmoja.

Na wenye majina yaliyofanana kabisa? Mombasa ilikuwa na akina Mohamed Ali Mohamed wa kutosha kujaza feri. Hapo alfabeti imefikia mwisho wake, haina la kusema tena. Tulipanga kwa mwaka wa kuzaliwa, na miaka ikigongana tuliangalia jina la mama. Jina la mama ndilo lililowatenga watu kuliko mtaa, maana watu huhama.

Nilijifunza pia kuujua ugonjwa wa rejista kabla haujaleta maafa. Dalili ya kwanza ni droo kunenepa bila sababu. B ikivimba, kuna mtu anapanga kwa Bi. au Bwana. Dalili ya pili ni faili mpya kuongezeka kuliko sura mpya dirishani. Lakini kipimo chenyewe kilikuwa cha kila Ijumaa: tulichomoa faili 20 rafuni bila kuchagua, tukasoma jina juu ya jalada, tukajaribu kuitafuta kadi yake kwenye droo kama vile mgonjwa yupo dirishani. Ikikosekana hata moja, hatukutafuta wa kumlaumu, tulitafuta kanuni iliyosomwa kwa namna mbili. Mara nyingi tuliikuta.

Miaka ilipita, kompyuta zikaja, na droo za mbao zikapelekwa stoo. Fundi alituahidi kwamba mashine haikosei alfabeti. Kweli haikukosea, ila haikuwa ile yetu. Orodha ya kwanza iliyochapishwa ilianza vizuri kwa A, ikaenda mpaka Zuberi, halafu baada ya Zuberi wakajitokeza watu walioandikwa al- kwa herufi ndogo, wakifuatiwa na akina arap, bin na ole. Fundi akaeleza kwamba programu ile ilipanga kwa namba za ASCII, ambamo A kubwa ni 65, Z kubwa ni 90, na a ndogo ni 97. Kwa mashine, kila herufi ndogo iko baada ya kila herufi kubwa. Nafasi tupu ni 32, ritifaa ni 39, kistari ni 45, hivyo Al'amin, Al-Amin na Alamin walikaa sehemu tatu. Yale ambayo jicho la karani lilikuwa likiyaruka, mashine iliyahesabu yote.

Fundi alipendekeza tuandike majina yote kwa herufi kubwa na tufute alama zote. Nilikataa. Jina la mtu liandikwe kama anavyoliandika mwenyewe, kwa maana ndilo litakalosomwa juu ya dawa zake na, siku ikifika, kwenye cheti chake cha kifo. Nikamsimulia habari ya mstari mwekundu. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza safu moja isiyoonekana na mgonjwa, akaiita jina_panga. Jina kamili linabaki lilivyo. Pembeni yake karani anaandika lile litakalopangwa, kwa herufi ndogo, bila alama, neno linaloongoza likiwa mbele. Tulipoijaribu kwa majina yale ya zamani ya Mwalimu, ilikaa hivi:

```
Fitz de Souza             desouza fitz
Sheikh Al-Amin bin Ali    mazrui alamin ali
  Mazrui
Ali Al'amin Mazrui        mazrui ali alamin
Daniel arap Moi           moi daniel
Mwana Kupona binti Msham  mwanakupona msham
```

Na amri ya kuitoa orodha ilikuwa fupi:

```
SELECT jina_kamili FROM wagonjwa ORDER BY jina_panga;
```

Mwalimu hakuwahi kuiona, alikuwa ameshastaafu. Lakini safu ile ni mstari wake mwekundu, umehama tu kutoka kwenye wino.

Mwaka jana nilikwenda kliniki moja, mbali na pale nilipofanya kazi, kupima shinikizo la damu. Binti wa dirishani, mwenye adabu zake, alipokea kitambulisho changu, akasema, “Shikamoo babu,” akaanza kubonyeza. Nikamwomba anioneshe skrini. Majina yangu matatu yalikuwa yamegeuzwa: la mwisho mbele, koma, kisha mengine. Nikaona kwamba siku nikija hapa bila kadi na bila fahamu, nikitajwa kwa jina langu hawatanipata. Watampata babu yangu, aliyezikwa mwaka 1951.

Nilifungua kinywa nimweleze, nikageuka nikaitazama foleni iliyokuwa nyuma yangu. Nikamwambia, “Mjukuu wangu, nakuomba jambo moja tu. Niandikie nyuma ya kadi hii jinsi ulivyonipanga.” Akaandika. Kadi hiyo iko kwenye pochi yangu, na mke wangu anajua iko wapi.